Tumbo linapogoma njiani: kutafuta kosa la ulaji katika mbio ndefu

Mkimbiaji akirudi kiwanjani Maisara, hapa Unguja, ameshika tumbo, wengi humuuliza kwanza amekula nini. Mimi huanza kwa kumuuliza limemshika wapi, na ilikuwa dakika ya ngapi. Kichefuchefu kilichoanza chini ya mbavu dakika ya 120 kina asili yake. Msokoto chini ya kitovu uliompeleka chooni mbio mbio una asili nyingine. Miguu iliyokufa ganzi huku tumbo limetulia kabisa ni habari ya tatu. Nimeona watu wakitupa jeli za wanga za pakiti, wakahamia tende, wakatupa tende, wakahamia maji matupu, na tatizo likabaki pale pale kwa sababu hawakuuliza swali hilo la mahali na wakati.

Tukubaliane kwanza juu ya hesabu. Mtu mzima hubeba akiba ya wanga, ndani ya misuli na ini, inayofika gramu 400 hadi 500 hivi. Kwa mwendo wa kujikaza, akiba hiyo hukaribia kwisha kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Mbio ya saa moja haihitaji kulishwa njiani. Kwa mbio ya saa mbili na zaidi, kiwango kinachofaa wengi ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Wanaokimbia zaidi ya saa mbili na nusu kwa kasi kubwa hufika gramu 90, lakini hao wana matumbo yaliyozoeshwa na wanachanganya sukari za aina mbili. Sababu ya mchanganyiko huo nitaieleza hapo chini.

Miguu imekufa, tumbo halina neno

Dalili hii ndiyo rahisi kuliko zote. Kuanzia saa ya pili miguu inakuwa mizito ghafla, mikono inatetemeka kidogo, unakasirikia watu bila sababu, na hesabu ndogo ya kilomita zilizobaki inakushinda. Tumbo lenyewe haliumi, pengine linanguruma kwa njaa.

Mara nyingi chanzo chake ni kuchelewa. Mtu hungoja asikie njaa au uchovu ndipo ale, na kufikia hapo akiba imeshapungua mno. Chakula kikifika tumboni hakifiki kwenye misuli papo hapo: lazima kitoke tumboni, kiingie utumbo mwembamba, kipenye kwenye damu. Anza kula ndani ya dakika 30 za mwanzo, ukiwa bado unajisikia mzima.

Chanzo cha pili ndicho kinachowapata wengi hapa visiwani, nacho ni kuhesabu vinywaji ambavyo havina wanga wa kutosha. Dafu ni zuri, na sitamkataza mtu dafu, lakini glasi moja ya maji yake ina gramu 9 hivi tu za wanga. Ukinywa glasi mbili kwa saa hujafika hata 20. Halafu dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linalotutoka lina sodiamu zaidi. Vivyo hivyo kwa wanaojaza chupa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale wanayopewa wagonjwa wa kuharisha. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una gramu 13.5 tu za glukosi katika lita nzima. Umetengenezwa kurudisha maji mwilini, na kazi hiyo unaifanya vizuri sana. Kukulisha kilomita 30 si kazi yake.

Ukitaka kujua kama kweli ni upungufu wa wanga na si joto, chukua kitu kitamu, kizungushe mdomoni, ukimeze na maji kidogo, kisha punguza mwendo. Ulimi wenyewe unautambua wanga na kuupelekea ubongo habari, hivyo kichwa huchangamka ndani ya dakika chache, hata kabla sukari haijafika kwenye damu. Miguu itafuata baada ya dakika 10 au 15. Ikiwa hakuna kilichobadilika, moyo unakwenda kasi ingawa unatembea, na ngozi inawaka, basi hilo ni joto. Tafuta kivuli na ujimwagie maji. Sukari haitakusaidia.

Maji yanacheza tumboni, kichefuchefu kinapanda

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo penye makosa mengi.

Mwenzetu mmoja wa Kikwajuni, mwalimu wa skuli, alikuwa anajiandaa kwa kilomita 42. Ndugu yake alimletea jeli kutoka Maskati, kila pakiti ina gramu 25 za wanga. Ilikuwa Februari, katikati ya kaskazi. Aliondoka Maisara saa 11 na nusu alfajiri, akapita Mtoni, akavuka Bububu, akageuka kwenye kilomita ya 15. Alikuwa hajala kitu njiani kwa sababu alijisikia vizuri. Pale alipogeukia, dakika ya 100, akahisi miguu inaanza kumwachia. Akala jeli mbili kwa mpigo, akashushia juisi ya miwa aliyoinunua Forodhani jioni ya jana yake na kuilaza kwenye friji, kiasi cha mililita 200. Maji matupu hakuwa nayo, yalimwishia Bububu.

Baada ya dakika 20 akaanza kusikia maji yanapiga huku na huku tumboni kila anapokanyaga. Kisha mbweu tamu, mate mengi mdomoni, kichefuchefu. Kufika kilomita ya 20 tumbo la chini nalo likaingia, akaomba choo kwenye nyumba moja. Alimaliza kwa kutembea, akajilazimisha nusu ndizi, akafika saa 3 kasoro dakika 5. Neno lake la kwanza kwangu: “Kaka, jeli hazinifai.”

Nikamwomba tuhesabu. Jeli mbili ni gramu 50. Juisi ya miwa isiyozimuliwa ina gramu 14 hivi za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo 200 zilimpa 28. Jumla 78. Nusu ndizi tumpe 12. Alikuwa amekula gramu 90 kwa saa tatu na dakika 25, yaani gramu 26 kwa saa. Ni chini ya kiwango cha mtu anayeanza.

Aliniangalia kama ninamtania. Ukiangalia wastani wa saa, alikuwa amekula kidogo. Lakini tumbo haliujui wastani. Lilikaa dakika 100 bila kazi, kisha likabebeshwa gramu 78 ndani ya dakika 10, pamoja na maji yasiyozidi mililita 200 ukijumlisha yote yaliyomo ndani ya jeli na juisi. Huo ni mchanganyiko mzito kuliko juisi ya miwa yenyewe mara mbili na zaidi. Kinywaji kinachotoka tumboni bila shida wakati wa kukimbia kina gramu 6 hadi 8 za sukari katika kila mililita 100. Kuifikisha ile shehena kwenye kiwango hicho kungehitaji karibu lita moja ya maji.

Tumbo likipokea kitu kizito namna hiyo hukifungia mlango, likakitoa kidogo kidogo. Ndiyo maana maji yanacheza, kwa kuwa hayajashuka. Kile kinachobahatika kushuka kwenye utumbo mwembamba bado ni kizito, na utumbo huvuta maji kutoka mwilini ili kukizimua. Kwa hiyo mkimbiaji aliyekauka kwa jasho anazidi kupoteza maji kwenda tumboni mwake mwenyewe. Ongeza hapo kaskazi. Ukikimbia, damu inaondoka tumboni kwenda kwenye misuli, na kukiwa na joto sehemu nyingine inakwenda kwenye ngozi kuupoza mwili. Tumbo linabaki na damu kidogo sana ya kufanyia kazi. Jeli ile ile, kwa maji yale yale, inaweza kupita salama mwezi wa Julai upepo wa kusi ukivuma, ikamshinda mtu Februari.

Basi ukisikia maji yanacheza, acha kila kitu kitamu. Tembea dakika 5 hadi 10 ili damu irudi tumboni. Jimwagie maji kichwani na shingoni, na kunywa maji matupu kwa mafunda madogo. Maji yakiacha kucheza, rudi kula kwa nusu ya ulichokuwa ukila. Kosa linalofanywa na wengi ni kusema “nimekosa nguvu” na kuongeza jeli nyingine juu ya zile zilizokwama.

Na kwa mbio zinazofuata, jeli moja ya gramu 25 iendane na glasi moja ya maji, mililita 200 au 300, iliyogawanywa kwa mafunda ndani ya dakika 10 au 15. Usishushie jeli kwa juisi, soda, wala kinywaji chochote kitamu. Juisi ya miwa ukiipenda, izimue nusu kwa nusu na maji na uihesabu kuwa chakula kamili. Nami huiogopa zaidi kwa barafu iliyotiwa ndani yake, kama huyajui maji yaliyogandishwa.

Kuna hali moja inayofanana na hii kwa sura lakini matibabu yake ni kinyume. Mtu anayekimbia polepole, saa tano au sita, akinywa maji matupu kila anapoyaona, anaweza kuizimua sodiamu ya damu yake. Naye husikia kichefuchefu na maji kujaa tumboni, lakini pete inambana kidoleni, uso umevimba, kichwa kinauma, na ukimpima uzito amezidi aliokuja nao. Huyo usimpe maji zaidi. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Msokoto chini ya kitovu, gesi, kuharisha

Hapa sukari imeshatoka tumboni ikafika kwenye utumbo, lakini haikupenya. Ili uelewe kwa nini, fikiria ukuta wa utumbo una milango ya aina mbili. Mlango mmoja unapitisha glukosi, na haufunguki bila sodiamu. Hii ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari kuwatibu watoto wanaoharisha. Mlango wa pili unapitisha fruktosi, sukari ya matunda. Mlango wa glukosi hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Ukimimina zaidi, ziada inabaki nje, inashuka kwenye utumbo mpana, bakteria wanaila, wanatoa gesi, na maji yanafuata. Msokoto wako ndio huo.

Kwa hiyo anayetaka kuvuka gramu 60 lazima atumie milango yote miwili. Jeli nyingi zimetengenezwa kwa maltodekstrini, ambayo ni mnyororo wa glukosi na hutumia mlango wa kwanza peke yake. Bora zile zilizochanganywa na fruktosi, kwa kawaida mafungu mawili ya glukosi kwa fungu moja la fruktosi, au karibu sawa kwa sawa. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti. Sukari nyeupe ya dukani ina nusu glukosi na nusu fruktosi, kwa hiyo inagonga milango yote miwili bila wewe kuhangaika. Tende vivyo hivyo, sukari zake mbili zinakaribiana.

Embe ni habari nyingine. Embe lina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na mlango wa fruktosi ni mwembamba. Niliwahi kukimbia msimu wa embe, nikala embe boribo mbili asubuhi kabla ya kutoka, kwa kuamini kwamba matunda hayana madhara. Nilivyorudi nilikuwa nimeingia vyoo vitatu. Tikiti lina tabia hiyo hiyo. Asali nayo ina fruktosi iliyozidi kidogo, kijiko kimoja kwenye mkate hakina neno, lakini wapo wanaobeba chupa nzima ya asali.

Kabla hujailaumu sukari ya njiani, tazama ulichokula tangu jana yake. Urojo wa jioni, wenye bajia za dengu, ukwaju na pilipili, ndio uliowaangusha wenzetu wengi kuliko jeli yoyote. Maharage, mchicha, muhogo mwingi na vitu vya kukaanga vinaacha makapi au mafuta yanayochelewa kutoka. Siku moja kabla ya mbio ndefu mimi hula wali mweupe, samaki wa kuchoma na mkate, basi. Kahawa chungu nayo inaamsha utumbo. Inywe mapema ili choo kikute uko nyumbani.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki usizimeze kabla ya mbio ndefu. Ukuta wa utumbo tayari umepungukiwa damu, na dawa hizo huzidi kuuumiza. Ukiona damu kwenye choo baada ya mbio, au choo cheusi kama lami, muone daktari hata kama maumivu yameisha. Na ikiwa unaendelea kuharisha siku ya pili, au una homa, usihangaike na hesabu za gramu. Hayo ni maradhi ya tumbo, na chanzo chake huenda ni maji au chakula kichafu.

Jeli au chakula cha kawaida

Kwa utumbo, glukosi ni glukosi, iwe imetoka kiwandani au kwenye mbatata. Tofauti iko kwenye vitu vinavyokuja nayo, makapi, mafuta na maji, na kwenye mwendo wako. Ukikimbia kwa namna ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima, chakula cha kutafuna kinawezekana na kwa wengi kinatuliza tumbo kuliko utamu mtupu. Ukiwa kwenye mwendo wa mashindano, unapumua kwa mdomo, kutafuna kunakuwa adha na mtu anaweza kupaliwa. Hapo jeli au kinywaji ndiyo mahali pake.

Shida kubwa ya chakula chetu ni kwamba hakina hesabu juu yake, watu wanakisia. Nenda dukani mwombe mwenye mizani akupimie, mara moja tu, ujue. Nyama ya tende iliyotolewa kokwa, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, kwa hiyo gramu 40 za tende zinakupa kama 30. Mbatata iliyochemshwa, gramu 100 zina wanga 20. Ndizi mbivu iliyomenywa, gramu 100 zina 23 hivi. Boflo jeupe, nusu ya uzito wake. Mbatata ndogo zilizochemshwa na kunyunyiziwa chumvi ndizo ninazozipenda kuliko vyote saa ya tatu, wakati ulimi umechoka na utamu. Ila ni nzito kubeba na zinataka maji.

Tende zina makapi. Gramu 40 kwa saa hazina tatizo kwa wengi, lakini anayetaka kupata gramu 60 kwa tende peke yake, saa nne mfululizo, atajuta. Muhogo ni mkavu mdomoni. Kashata ya nazi, halua, visheti na vitumbua vina sukari ya kutosha, lakini nazi, samli na mafuta ya kukaangia huchelewesha tumbo kutoa mzigo wake. Viweke, uvile baada ya kuoga.

Kwa asiyepata jeli, au asiyetaka kuzinunua kwa kila mazoezi, kinywaji hiki kinafanya kazi ile ile. Lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, ambavyo ni gramu 60 hivi, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ya kukata utamu. Sukari ni gramu 6 kwa kila mililita 100, chumvi inasaidia mlango wa glukosi na kurudisha jasho. Nusu lita yake kwa saa inakupa gramu 30. Usiongeze vijiko ukidhani unaongeza nguvu, utarudi kwenye kosa la yule mwalimu.

Kulizoesha tumbo

Tumbo hujifunza. Ukilipatia maji na wanga mara kwa mara wakati unakimbia, linazoea kubeba ujazo bila kulalamika, linatoa mzigo kwa haraka zaidi, na utumbo wenyewe huongeza milango ya glukosi. Mabadiliko huanza kuonekana ndani ya wiki mbili. Kinyume chake pia ni kweli. Anayefanya mazoezi yote bila kula kitu, halafu siku ya mashindano akala gramu 60 kwa saa, analitwisha tumbo lake kazi ambayo halijawahi kuifanya.

Yule mwalimu tulimpangia wiki nane. Wiki mbili za mwanzo gramu 30 kwa saa, kinywaji cha sukari peke yake, nusu lita, funda kila dakika 10 kuanzia dakika ya 15. Tulifanya hivyo kwenye mbio ndefu ya Jumapili na mbio moja ya katikati ya wiki, zote za mwendo mwepesi. Wiki ya tatu na ya nne tukaongeza nusu jeli kila saa, akafika 42 au 43. Jumapili ya tatu maji yalicheza tena. Tulipouliza, hakuwa amekunywa maji matupu na ile nusu jeli, alikuwa anaihesabu chupa ya sukari kuwa ndiyo maji yake. Hatukushusha gramu. Tuliongeza mililita 100 za maji matupu, na Jumapili iliyofuata palikuwa shwari.

Hapo ndipo kanuni yangu ya kurekebisha ilipo: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tungepunguza jeli na kuongeza maji na kubadilisha kifungua kinywa siku moja, tusingejua kilichomponya. Anaandika kwenye daftari dogo: alichokula, dakika ya ngapi, maji kiasi gani, tumbo lilisema nini, na hali ya hewa. Mistari mitano inatosha.

Wiki ya tano na ya sita akala jeli nzima kwa saa, ameigawa mara mbili, dakika ya 25 na dakika ya 50. Pamoja na kinywaji, ni gramu 55. Maji yote, ya chupa na matupu, yalifika mililita 700 kwa saa, kwa hiyo mchanganyiko tumboni ulibaki chini kidogo ya gramu 8 kwa mililita 100. Chupa ya pili aliiacha kwa mwenye duka Mtoni. Kiasi hiki cha maji ni chake, kwa jasho lake. Alijipima uzito kabla na baada ya kukimbia, akawa anapungua chini ya kilo moja. Asiyetoka jasho jingi hivyo asimuige kwenye maji, apunguze na jeli pia.

Wiki mbili za mwisho hatukuongeza. Tulimtaka ale kiasi kile kile kwa kasi ya mashindano, kwa sababu tumbo lililozoea kula kwenye mwendo mwepesi bado halijaona damu ikiondoka kwa nguvu. Kwa mtu wa saa nne na nusu, gramu 55 zinatosha. Sikuona sababu ya kumkimbiza kwenye 90.

Alirudia njia ile ile, Maisara hadi mbele ya Bububu na kurudi, kilomita 30, kwa jeli zile zile za Maskati. Dakika ya 100, pale alipogeukia, alikuwa ameshakula gramu 90 hivi, karibu sawa na alizokula siku ile nzima ya Februari, na tumbo lilikuwa kimya.

Wakati wa Ramadhani wengi wetu tunakimbia kabla ya futari au baada ya tarawehe, mbio fupi, bila kula njiani. Mwezi ukiisha, tumbo limesahau. Baada ya sikukuu usianze pale ulipoachia. Rudi kwenye gramu 30 kwa wiki moja, kisha 45 kwa wiki ya pili, ndipo uendelee na kiasi chako cha zamani.